Daftari, Vigezo au Kikao cha Alama? Kuchagua Njia ya Kupunguza Upendeleo katika Tathmini ya Wafanyakazi

Msimu wa tathmini ukifika, malalamiko yanayoletwa ofisi ya rasilimali watu huwa ni yaleyale. Mtumishi aliyefanya kazi vizuri tangu Januari amepewa alama ya wastani kwa kosa alilolifanya Novemba. Anayetoka wilaya moja na meneja amepewa alama ya juu ambayo wenzake hawaielewi. Wanawake wa idara wamesifiwa kwa uvumilivu na moyo wa kusaidia, lakini hakuna hata mmoja aliyependekezwa kupandishwa cheo. Nimeyashughulikia malalamiko haya kwa miaka mingi, nami mwenyewe nimewahi kuwa meneja aliyelalamikiwa, na jambo ambalo ningependa mameneja walione mapema ni kwamba haya ni matatizo matatu yanayoingia katika tathmini kupitia milango mitatu tofauti. Njia inayofunga mlango mmoja inaweza kuuacha mwingine wazi kabisa, na ndiyo maana kuchagua njia kabla ya kujua mlango ulio wazi ni kupoteza muda wa watu.

Upendeleo wa mambo ya karibuni huingia kupitia kumbukumbu. Meneja anapoketi kujaza fomu mwezi Desemba, yaliyotokea wiki tatu zilizopita yako wazi kichwani mwake, lakini ya Machi yamefifia, na hivyo mwaka mzima unapimwa kwa robo yake ya mwisho bila yeye kukusudia. Upendeleo wa kufanana huingia mapema zaidi, wakati kazi ikiendelea, kwa sababu mtu humwona mara nyingi zaidi yule anayefanana naye, huzungumza naye zaidi, na akikosea humtafutia sababu. Upendeleo wa kijinsia huingia kwenye kipimo chenyewe: kitendo kilekile huitwa uongozi kikifanywa na mwanamume, na huitwa ukali kikifanywa na mwanamke, au mafanikio ya mmoja huhesabiwa kuwa ni uwezo wake ilhali ya mwingine huhesabiwa kuwa ni bidii au msaada wa wenzake.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu ambazo meneja wa kawaida anaweza kuzianza bila kununua mfumo wa kompyuta: daftari la matukio, vigezo vilivyoandikwa kabla ya mwaka kuanza, na kikao cha kulinganisha alama kati ya mameneja. Nimeiacha kando semina ya siku moja ya kuwaonya watu juu ya upendeleo, ingawa ndiyo inayochaguliwa mara nyingi kwa sababu ni rahisi kuipangia bajeti. Mwaka 1980 watafiti John Bernardin na Earl Pence walionyesha kwamba kuwafundisha watathmini waepuke makosa fulani ya kutoa alama kulibadilisha mtindo wao wa kutoa alama na kupunguza usahihi wake, kwa sababu walijifunza jinsi alama zinavyopaswa kuonekana, si jinsi ya kuutazama utendaji. Mafunzo yanayosaidia ni yale ambayo mameneja hupewa kisa kimoja cha mfanyakazi, kila mmoja akatoa alama, kisha wakajadili kwa nini wametofautiana. Lakini mafunzo hayo yanahitaji vigezo viwepo kwanza, na hivyo nitayarudia baadaye.

Maofisa wawili wa tawi moja

Mfano nitakaoufuata nimeutunga, ila umejengwa juu ya aina ya kazi ninayoifahamu. Tuchukue tawi la chama cha akiba na mikopo lenye meneja mmoja na maofisa mikopo wanane. Lengo la kila ofisa ni kukusanya walau asilimia 95 ya marejesho yanayotakiwa kila mwezi. Ofisa wa sokoni, ambaye ni mwanamke, alikusanya asilimia 97 kila mwezi kuanzia Januari hadi Oktoba, kisha akashuka hadi asilimia 90 mwezi Novemba na asilimia 89 mwezi Desemba. Ofisa wa stendi, ambaye ni mwanamume na alisoma chuo kimoja na meneja, alikuwa kwenye asilimia 91 kwa miezi tisa ya mwanzo, kisha akapanda hadi asilimia 97 kwa Oktoba, Novemba na Desemba.

Ukichukua miezi mitatu ya mwisho peke yake, ofisa wa sokoni ana wastani wa asilimia 92 na ofisa wa stendi ana asilimia 97, kwa hiyo yule wa stendi anaonekana bora kwa umbali mkubwa. Ukichukua miezi yote 12, mambo yanageuka: wa sokoni ana asilimia 95.75 na wa stendi ana asilimia 92.5. Mmoja amevuka lengo la mwaka na mwingine hakulifikia. (Hesabu hii ya wastani wa miezi inatosha kwa mfano, lakini katika tathmini halisi ni vyema kugawanya fedha zote zilizokusanywa mwakani kwa fedha zote zilizotakiwa kukusanywa, kwa kuwa miezi haina uzito sawa.)

Mtu anaweza kusema kwamba takwimu za mfumo wa mikopo zinatosha kumaliza ubishi huu. Zinatosha kwa sehemu ndogo tu. Meneja aliyekwisha kuamini kwamba ofisa wa sokoni amelegea ataziona takwimu hizo na kusema mwelekeo wake unashuka, na kwamba wa stendi amejirekebisha. Takwimu hazisemi kwa nini Novemba ilikuwa mbaya, na hapo ndipo njia zetu tatu zinapoanza kutofautiana.

Daftari la matukio: zuri kwa kumbukumbu, hafifu kwa macho

Daftari ninalolizungumzia ni la kawaida, lile la kaunta lenye jalada gumu, ambalo kila mfanyakazi ametengewa kurasa zake. Kuandika kwa mtu badala ya kwa tarehe ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu siku ya tathmini meneja anasoma mwaka mzima wa mtu mmoja kwa mfululizo bila kuuchambua kutoka katikati ya habari za watu wengine. Kila tukio linaandikwa kwa tarehe, kitendo kilichofanyika na matokeo yake, bila kivumishi cha tabia. Katika ukurasa wa ofisa wa sokoni, meneja mwenye daftari angekuwa na mstari kama huu: "4/11. Amekabidhiwa mafaili 31 ya ofisa aliyehamishwa. Mafaili 9 yalikuwa na marejesho yaliyochelewa zaidi ya siku 30 kabla ya makabidhiano."

Mstari huo mmoja unabadilisha maana ya Novemba na Desemba zote mbili. Kushuka kwa asilimia kumetokana na mzigo aliopewa, wala hakukuanza mikononi mwake, na haki inadai mafaili hayo 9 yatengwe kwenye hesabu yake ya mwaka au yapimwe kwa namna nyingine, kwa mfano kwa kuangalia ni mangapi kati yake aliyafufua. Bila mstari huo, meneja wa Desemba anakumbuka tu kwamba kulikuwa na makabidhiano ya namna fulani, hakumbuki tarehe, na hakumbuki kabisa kwamba mafaili yaliletwa yakiwa tayari yameharibika.

Kwamba daftari husaidia si hisia yangu tu. Angelo DeNisi na Lawrence Peters walichapisha mwaka 1996 utafiti uliofanyika kwenye mazingira halisi ya kazi, na mameneja walioandika shajara walikumbuka zaidi na wakaweza kuwatofautisha vizuri zaidi watu wanaowatathmini, tena hata uwezo na udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Katika utumishi wa umma Tanzania njia imeelekea huko huko: tathmini ya siri ilibadilishwa na mfumo wa wazi wa OPRAS mwaka 2004, uliokuwa na mapitio ya nusu mwaka na ya mwisho wa mwaka, na tangu mwaka 2023 mfumo wa PEPMIS umechukua nafasi yake, ambapo majukumu na utekelezaji wake huingizwa kwenye mfumo wakati kazi inaendelea. Ninayathamini mabadiliko hayo, ingawa mfumo wa kompyuta unahifadhi kile tu ambacho mtu amejishughulisha kukiandika.

Udhaifu wa daftari niliujifunza kwa njia iliyoniuma. Nilipokuwa nasimamia watu wanane kwa mwajiri wangu wa zamani, nilijivunia daftari langu, na mwezi Juni nikaamua kuhesabu mistari ya kila mtu. Kijana niliyekuwa napanda naye daladala moja kila jioni, tuliyetoka naye mkoa mmoja, alikuwa na mistari 17, na karibu yote ilikuwa ya mema. Mama aliyekuwa akifanya kazi nyuma ya kizigeu cha stoo alikuwa na mistari 4, na miwili kati yake ilihusu siku alizochelewa kufika. Sikuwa nimekusudia lolote. Niliandika nilichokiona, na nilichokiona kilitegemea nani yuko karibu nami. Daftari lilikuwa limeukamata upendeleo wangu wa kufanana na kuupa sura ya ushahidi, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na ushahidi wowote, kwa sababu yule mama asingeweza kubishana na maandishi.

Tangu hapo nimekuwa nikishauri kanuni ya idadi sawa: mistari miwili kwa kila mtu kila mwezi, siku maalumu, kwa mfano Ijumaa ya pili na ya nne. Kwa watu wanane hiyo ni mistari 16 kwa mwezi, na ukitumia dakika tatu kwa kila mmoja haifiki saa moja. Ijumaa ikifika na huna la kuandika juu ya mtu fulani, hilo lenyewe ni taarifa kwamba hujaiona kazi yake kwa wiki mbili, na Jumatatu unapaswa kwenda kuiona. Kila robo mwaka mhusika asomewe mistari yake na kuweka sahihi, ili daftari lisigeuke kuwa faili la siri. Na ukitaka kujua kama daftari la meneja fulani ni la kweli, angalia tarehe: likijaa mistari ya Novemba na Desemba huku Februari na Mei zikiwa tupu, limejazwa kwa ajili ya fomu, na upendeleo wa mambo ya karibuni umebaki palepale.

Kwa upande wa jinsia, daftari lina msaada wa kati. Cara Bauer na Boris Baltes walionyesha mwaka 2002 kwamba athari ya mitazamo ya kimapokeo kuhusu wanawake ilipungua kwa watathmini wenye mitazamo hiyo pale walipotakiwa, kabla ya kutoa alama, kukumbuka kwanza matendo mahususi ya mtu, mazuri na mabaya. Lakini msaada huo unapotea mara moja meneja anapoanza kuandika sifa badala ya matendo.

Hapa Kiswahili chetu kina jambo lake la pekee. Miongozo mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza humshauri meneja abadilishe viwakilishi vya kiume na vya kike katika maelezo yake, kisha aone kama sentensi bado inasomeka sawa. Kwetu jaribio hilo halina la kubadilisha, kwa kuwa "yeye" ni wa wote na "amefanya" ni ya wote. Jinsia hujificha kwenye maneno ya sifa: upande mmoja ni mpole, mlezi, mnyenyekevu, ana kelele; upande mwingine ni jasiri, ana msimamo, mkali wa kazi. Kwa hiyo jaribio linalotufaa ni la kufunika jina, kumpa mwenzako maelezo ya watu wote wanane, na kumwomba akisie yupi ni mwanamke na yupi ni mwanamume. Akipatia mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingempa, maelezo yako yanahusu jinsia kuliko kazi. Nimelifanya jaribio hili na mameneja kadhaa, na huwa hawahitaji kuhubiriwa baada yake.

Vigezo vya Januari: vizuri kwa kipimo, vigumu kuviandika

Njia ya pili ni kuandika, kabla mwaka haujaanza, nini hasa kinaifanya alama ya 2 kuwa 2 na alama ya 5 kuwa 5. Fomu nyingi zina neno "ufuatiliaji" na mizani ya 1 hadi 5, basi. Hapo kila meneja anaingiza kipimo chake, na kipimo kinaweza kubadilika kati ya mtu wa kwanza na wa pili bila kalamu kuinuliwa. Kwa tawi letu, ngazi za ufuatiliaji wa marejesho zingeweza kuandikwa hivi: ofisa wa ngazi ya 2 anamtembelea mteja baada ya siku 30 za kuchelewa na haachi kumbukumbu, wa ngazi ya 3 anamtembelea ndani ya siku 7 na kuandika ahadi ya mteja, wa ngazi ya 5 anafika ndani ya siku 3, anakubaliana na mteja mpango mpya wa marejesho uliosainiwa, na anarudi tarehe iliyopangwa kuukagua.

Ukiwa na maelezo hayo, mjadala kuhusu kama ofisa wa sokoni ana "kelele na wateja" ilhali wa stendi "anajua kudai" unakosa pa kukaa. Swali linakuwa siku ngapi zilipita, na kama kuna karatasi yenye sahihi. Hii ndiyo sababu naamini vigezo vya mapema ndiyo kinga yenye nguvu kuliko zote dhidi ya upendeleo wa kijinsia. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, waliwapa watu wasifu wa waombaji wa nafasi ya mkuu wa polisi, mmoja mzoefu wa mitaani na mwingine msomi. Washiriki walielekea kusema kwamba sifa muhimu kwa kazi hiyo ni ile ambayo mwombaji mwanamume alikuwa nayo, iwe uzoefu au elimu. Walipotakiwa kutaja uzito wa sifa kabla ya kuona waombaji, upendeleo huo uliondoka. Kilichofanya kazi ni mpangilio wa hatua tu: kipimo kwanza, mtu baadaye.

Ndiyo maana tarehe ya vigezo ni muhimu kama vigezo vyenyewe. Vikiandikwa Desemba, meneja ameshajua anayetaka kumpa alama ya juu, na ataandika vigezo vinavyomfaa huyo akiamini kabisa kwamba anatenda haki.

Kuna mambo mawili ambayo vigezo husahau mara kwa mara, na yote huwaumiza wanawake zaidi. La kwanza ni likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ujauzito. Hata hivyo lengo la mwaka kwenye fomu mara nyingi hubaki lilelile. Tuseme kila ofisa anatakiwa kutoa mikopo mipya 120 kwa mwaka, na mmoja wao alikuwa likizo ya uzazi siku 84. Siku alizokuwa kazini ni 281 kati ya 365, kwa hiyo lengo lake la haki ni takribani mikopo 92. Akitoa 96 amevuka lengo. Akipimwa kwa 120 anaonekana amefikia asilimia 80 tu, na meneja anaweza kumpa alama ya 2 huku akiamini kwamba namba ndizo zimesema. Kanuni ya kupunguza lengo iandikwe Januari kwa wote, ili ihusu pia aliyelazwa hospitali au aliyekwenda masomoni, na isionekane kama hisani anayotendewa mtu mmoja.

La pili ni kile kipengele cha "uwezo wa kukua" au "uwezo wa baadaye" ambacho taasisi nyingi hukiweka pembeni ya alama ya utendaji na kukitumia kupandisha vyeo. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza kumbukumbu za kampuni kubwa ya maduka ya rejareja Amerika Kaskazini, wakakuta kwamba wanawake walipata kwa wastani alama za juu kuliko wanaume kwenye utendaji lakini za chini kwenye uwezo wa baadaye. Kipengele hicho hakina tendo la kukipima, na penye pengo la namna hiyo mazoea ndiyo yanayojaza. Ushauri wangu ni kukiondoa kwenye fomu kama huna maelezo ya ngazi zake. Kama lazima kibaki, kitajwe kwa mambo yaliyokwisha kufanyika, kama vile kukaimu nafasi ya juu, kumfundisha ofisa mpya hadi akajitegemea, au kuendesha kikao cha wateja bila msimamizi.

Udhaifu wa vigezo uko kwenye gharama ya kuviandika na kwenye kumbukumbu. Kuandika ngazi za vipengele vitano kwa kazi moja huchukua siku mbili hadi tatu za meneja na watu wanaoifahamu kazi hiyo, na vipengele zaidi ya sita huanza kusahaulika. Tena vigezo peke yake havimkumbushi meneja yaliyotokea Machi. Meneja mwenye vigezo bora lakini asiye na daftari atapima kwa usahihi mkubwa miezi miwili ya mwisho. Kwa ofisa wetu wa sokoni, vigezo vingemlinda dhidi ya neno "kelele", lakini visingeyatoa yale mafaili 31 kwenye usahaulifu.

Kikao cha alama: kina nguvu, na kina hatari

Njia ya tatu ni mameneja wa matawi kukutana, kila mmoja na alama alizopendekeza, na kuzilinganisha kabla hazijawa rasmi. Nguvu yake ni dhidi ya upendeleo wa kufanana, kwa sababu meneja wa tawi la pili hakusoma na ofisa wa stendi, hapandi naye gari, na hana sababu ya kumsamehe miezi tisa. Swali moja la upole linatosha: "Ndugu yangu, hii 5 umeitoa kwa tukio gani la kabla ya Oktoba?" Kama jibu ni kwamba kijana ni mzuri na atafika mbali, kila aliyepo chumbani amesikia.

Lakini kikao kisipoendeshwa kwa utaratibu huongeza kile kilichokusudiwa kupunguza. Meneja mwenye sauti kubwa, au mwenye cheo cha juu kuliko wenzake, akisema kwanza kwamba anamfahamu mtu fulani, wengine hufuata. Mameneja wenyewe wakiwa wanafanana, kwa mfano wote ni wanaume wa rika moja waliopanda ngazi kwa njia moja, kikao huwa ni kufanana kulikopigiwa kura. Na watu ambao hawajulikani nje ya matawi yao, ambao mara nyingi ndio wanaofanya kazi za ndani zisizoonekana, hushushwa alama kimyakimya kwa sababu hakuna wa kuwasemea.

Masharti ninayoyaona ya lazima ni haya. Alama ziwasilishwe kwa maandishi siku moja kabla, ili kila meneja ajibu kwa alama aliyoitoa akiwa peke yake. Alama yoyote isomwe pamoja na mistari miwili ya daftari, mmoja wa nusu ya kwanza ya mwaka na mmoja wa nusu ya pili. Isiyo nayo irudishwe. Mwenyekiti asiwe na mtu wake kwenye orodha, na mkubwa kwa cheo aseme mwisho. Kila alama inayobadilishwa iandikwe ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, na kwa tukio gani. Baada ya kikao, ofisa rasilimali watu ahesabu waliopandishwa na walioshushwa kwa jinsia na kwa tawi. Kwa watu wachache kama wanane hesabu hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa mtu mmoja tu anaweza kuipindua, lakini ikikusanywa kwa miaka mitatu kutoka matawi yote huanza kusema.

Muda wake ni dakika 10 kwa mtu, kwa hiyo matawi matatu yenye watu wanane kila moja yanahitaji saa nne. Kabla ya kikao cha kwanza, tumieni saa moja kwa yale mafunzo niliyoyataja mwanzo: kisa kimoja cha kubuni, kila meneja anatoa alama kwa vigezo vilivyopo, kisha mnajadili tofauti. Nimeona mameneja wanne wakikipa kisa kimoja alama za 2, 3, 4 na 4, na mjadala uliofuata ulirekebisha maelezo ya ngazi kuliko siku nzima ya kuyaandika.

Uchague ipi

Kwa ofisi yenye meneja mmoja na watu wasiozidi kumi, ningeanza na daftari lenye idadi sawa ya mistari, kwa sababu linaweza kuanza wiki hii, katikati ya mwaka, bila idhini ya mtu. Litafunga mlango wa kumbukumbu, na hesabu ya mistari itakuonyesha kwa kiasi fulani mlango wa kufanana. Usilitegemee kwa jinsia bila lile jaribio la kufunika majina.

Kama malalamiko yako makubwa ni ya wanawake kutopanda vyeo, au kama alama za idara zinatofautiana bila mtu kuweza kueleza, tumia nguvu zako kwenye vigezo hata kama daftari litasubiri robo moja. Hapa nisingependa meneja aanze na lililo rahisi. Daftari lililojazwa vizuri dhidi ya kipimo kinachohamahama litatoa ushahidi mwingi wa jambo lisilo la haki.

Kikao cha alama nakiweka mwisho, na kwa taasisi yenye mameneja zaidi ya mmoja tu. Nimekutana na taasisi zilizoanza nacho kwa sababu kinaonekana kuwa cha kisasa, na bila daftari wala vigezo mameneja walikaa saa nne wakibishana kuhusu hisia. Kikao kinahitaji vitu vya kulinganisha, navyo hutoka kwenye njia mbili za kwanza.

Kwa maofisa wetu wawili, daftari lingerudisha mafaili 31 kwenye hesabu, vigezo vingeondoa neno "kelele", na kikao kingeuliza kuhusu miezi tisa ya ofisa wa stendi. Kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna kati ya njia hizi inayokigusa, nacho ni ugawaji wa kazi. Ofisa wa stendi alipanda hadi asilimia 97 kuanzia Oktoba kwa sababu ipi? Ikiwa ni kwa sababu meneja alimpa wateja wakubwa wenye mishahara ya uhakika wakati akimpa mwenzake mafaili ya ofisa aliyehama, basi upendeleo ulifanyika miezi mitatu kabla ya fomu kufunguliwa, na alama zitakazotolewa zitakuwa sahihi juu ya msingi uliopinda. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya kurasa za watu, ningeuacha kwa orodha moja: tarehe, faili au mteja aliyekabidhiwa, ukubwa wa mkopo, hali ya marejesho siku ya makabidhiano, na jina la aliyepewa.